Mikono ya Mtoto: Khanga, Kujipindua na Mfuko wa Kulalia

Nawasalimu nyote wa Ujiji, wa Mwanga, wa Gungu na Katonga, nanyi wa Kibirizi ambao saa hizi yamkini mnaanua dagaa kabla jua halijazama. Na kwa bibi zetu, ambao ndio wenye neno la mwisho katika nyumba yenye mzazi, natanguliza shikamoo, kwa maana mazungumzo ya leo yanaingia katika himaya yao na haifai niingie bila ya kubisha hodi.

Tutazungumza juu ya kumfunga mtoto mchanga khanga anapolazwa: kwa nini humtuliza, ni wakati gani khanga hiyo ifunguliwe isirudi tena, na avae nini usiku baada ya hapo. Na katika hayo matatu nawaomba mtazame kitu kimoja tu, nacho ni mikono ya mtoto, kwani yote nitakayoyasema yanazunguka hapo.

Hebu mtazameni mtoto wa siku kumi aliyelala chali. Mlango ukigongwa, au sufuria ikianguka jikoni, au hata pasipo na sababu yoyote iliyo dhahiri, utamwona ghafla akitupa mikono yote miwili kando, vidole vikiwa wazi, kisha akiikusanya tena kifuani kana kwamba anakumbatia kitu, na mara kilio kinafuata. Wengine husema ameota ndoto mbaya, wengine husema ameonwa na jicho la hasidi. La, wasikilizaji wangu. Huo ni mshtuko wa kimaumbile ambao kila mtoto mzima huzaliwa nao, na tabibu mmoja wa watoto huko Heidelberg, Ujerumani, jina lake Ernst Moro, aliueleza mwaka 1918, ndiyo maana matabibu hata leo huuita kwa jina lake. Hupungua wenyewe baada ya mwezi wa tatu, na aghalabu ufikapo mwezi wa sita hauonekani tena.

Sasa, khanga inafanya nini? Haiuondoi mshtuko huo. Mtoto bado hushtuka, lakini mikono yake haipati nafasi ya kurukaruka na kumpiga usoni, hivyo badala ya kuamka na kulia hutikisika kidogo tu akaendelea kulala. Hiyo ndiyo faida yake ya kweli, na si haba: mtoto hulala muda mrefu zaidi, huamka mara chache zaidi, na katika miezi miwili ya mwanzo wapo watoto wengi ambao kilio chao hupungua wakifungwa vizuri. Mzazi aliye katika arobaini yake, ambaye mwili wake bado unauma na usingizi wake ni wa kuibia, anajua thamani ya saa moja ya ziada.

Lakini khanga haishibishi. Mtoto mchanga anyonye mara nane hata kumi na mbili kwa usiku na mchana, na dalili yake ya kwanza ya njaa, kabla hajalia, ni kuupeleka mkono kinywani. Mkono ukiwa umefungwa, dalili hiyo haionekani. Kwa hiyo anaponyonya afunguliwe, na anapolala kupita kiasi asisifiwe kuwa mtulivu, bali aamshwe anyonye. Kadhalika mtoto mwenye homa asifungwe. Afunguliwe na apelekwe kituoni, hasa huku kwetu ambako akili haitulii juu ya homa ya mtoto mpaka amepimwa malaria.

Namna ya kufunga bibi zetu wanaijua kuliko mimi, nami nitagusa mahali pawili tu. Pa kwanza ni kifuani. Khanga ipite chini ya shingo, mabega yawe ndani, na baina ya nguo na kifua cha mtoto kiganja chako kiweze kupenya kikiwa bapa. Kikikataa kupenya, umebana na mtoto hapumui kwa nafasi; kikipwaya, nguo itapanda usiku ikamfikia puani. Na daima alazwe chali, uso wazi, bila kofia ndani ya nyumba, kwa kuwa kichwa ndipo mahali anapopozea joto lake.

Pa pili ni miguuni, na hapa nina neno na wale wanaoinyosha miguu ya mtoto na kuibana pamoja, ati isije ikawa na matege. Miguu ya mtoto mchanga imekunjika kwa sababu ndivyo ilivyokaa tumboni, nayo hunyooka yenyewe kadiri anavyokua, bila ya msaada wa nguo. Kuinyosha kwa nguvu huweza kuutoa mfupa wa paja katika kikombe chake cha nyonga. Wajapani walikuwa na desturi ya kuwafunga watoto miguu ikiwa imenyooka, na nyonga zilizoteguka zilikuwa nyingi kwao. Mwaka 1975 matabibu wao wakaanzisha kampeni ya kuwaambia wazazi waiache miguu ikunjike, na idadi ya watoto hao ikashuka sana. Basi chini ya kiuno khanga iwe pana kama shuka, magoti yaweze kukunjika na mapaja kwenda kando. Mtazameni mtoto anapokuwa mgongoni mwa mama, mapaja yamepanuka na magoti yamekunjika: hivyo ndivyo nyonga itakavyo. Jirani zetu wa Malawi, ambako akina mama hubeba watoto kwa mbeleko kama sisi, madaktari wao wa mifupa waliandika mwaka 2015 kwamba maradhi hayo ya nyonga ni adimu mno kwao, na wakaielekezea mbeleko kidole cha sifa. Kwa hiyo, bibi, mbeleko yako ya mchana isiharibiwe na fundo lako la usiku.

Sasa tufike kwenye kiini cha mazungumzo, nacho ni siku ya kuacha.

Katika majuma ya mwanzo mtoto uliyemlaza chali utamkuta chali, maadam hana nguvu za kujipeleka popote. Lakini iko siku, bila ya kumwambia mtu, atajipindua. Ikiwa mikono yake iko huru, akijikuta kifudifudi ataiweka chini ya kifua, ainue kichwa, ageuze uso upande apate pumzi. Ikiwa mikono imefungwa ubavuni, hana cha kujiinulia. Uso unabaki umezama katika godoro au katika mto, akivuta tena na tena ile hewa aliyoitoa mwenyewe, ilhali usingizi wake, kwa ajili ya ile khanga, ni mzito kuliko kawaida na kuamka kwake ni kwa shida. Mnaona jinsi jambo lilivyogeuka? Ule usingizi mzito ulioushukuru mwezi wa kwanza ndio utakaouogopa mwezi wa nne, na ile mikono iliyokuwa ikimwamsha ndiyo sasa itakayomwokoa.

Haya si maneno ya kutisha watu. Mwaka 2016 watafiti walizikusanya pamoja chunguzi zilizofanywa Uingereza, Marekani na Australia juu ya vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini, wakakuta kwamba hatari ya mtoto aliyefungwa nguo hupanda sana anapokuwa amelala kifudifudi, hupanda pia akilala ubavu, na huongezeka kwa kadiri umri unavyosogea. Kwa ajili hiyo madaktari wa watoto wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2022, hawakutaja tarehe. Walisema kufunga kukome mtoto anapoonyesha dalili za kujaribu kujipindua. Nisikilizeni vizuri hapa: anapojaribu, si baada ya kuwa amekwisha kujipindua. Mara ya kwanza yaweza kuwa saa tisa ya usiku, taa imezimwa na kila mtu amelala.

Dalili zenyewe ni zipi? Akilazwa chali bila ya khanga huinua miguu yote miwili na kuiangusha upande mmoja, kiuno kikafuata. Akilazwa kifudifudi mchana, mama akimwangalia, hujiinua kwa mikono na kifua kikatoka chini. Hugeuza kichwa kufuata sauti na bega likafuata kichwa. Na ile ya nne, ambayo watu huicheka badala ya kuizingatia, ni kwamba asubuhi unamkuta ameifungua khanga mwenyewe na mkono mmoja uko nje; hapo wengi huamua kukaza zaidi, nami nasema hapo ndipo pa kuacha, kwa kuwa nguo iliyofunguka kitandani nayo ni hatari, huweza kumfunika uso. Moja tu katika hizo yatosha.

Watoto wengi hufikia hapo baina ya mwezi wa tatu na wa nne, wachache hata katika mwezi wa pili. Lakini nani katika sisi, mwenye shamba, duka na watoto wengine watatu, atakumbuka kupeleleza kiuno cha mtoto kila siku? Hivyo nawapa alama moja ambayo tayari mnayo nyumbani, nayo ni kadi ya kliniki. Chanjo hapa Tanzania hutolewa anapozaliwa, kisha wiki ya 6, wiki ya 10 na wiki ya 14. Ile safari ya wiki ya 14 inaangukia miezi mitatu na siku chache, yaani mlangoni kabisa mwa kujipindua. Basi pendekezo langu ni hili: mtoto akitoka kuchomwa sindano ya wiki ya 14, usiku huo asifungwe tena mikono, hata kama dalili hujaziona, na ukiziona kabla ya hapo, dalili ndiyo itakayofuatwa na kadi isingojewe.

Tuchukue mfano wa mtoto aliyezaliwa Ujiji tarehe 1 Aprili. Wiki yake ya 6 itakuwa tarehe 13 Mei, wiki ya 10 ni tarehe 10 Juni, na wiki ya 14 ni tarehe 8 Julai. Mnajua Julai yetu ilivyo: mvua zimekwisha, anga ni nyeupe, na alfajiri pepo zinapita uwanjani na baridi yake. Ndipo bibi atasema, na kwa haki kabisa, “Mwanangu, leo ndiyo siku ya kumfungua mtoto, na kipupwe hiki?” Na mama, kwa kuona haya kumjibu mkwewe, atamfunga tena, au atamfungua mikono kisha amtupie blanketi zito juu, jambo ambalo halina nafuu, kwa sababu blanketi huvutwa na mikono iliyo huru likafika usoni. Baridi ni ya kweli, wala bibi hakukosea. Linalotakiwa ni nguo yenye joto isiyoweza kupanda usoni wala kuifunga mikono.

Nguo hiyo ni mfuko wa kulalia. Ni kama gauni lisilo na mikono, lililoshonwa likafungwa chini, mtoto akaingia humo mpaka mabegani, mikono ikatoka nje na miguu ikawa ndani na nafasi ya kurusha mateke. Huvaliwa mwilini, kwa hiyo hautelezi, na ukiwa nao blanketi halihitajiki tena. Ulaya huuzwa madukani. Hapa kwetu mara chache utauona, nami sioni sababu ya kuungoja utoke Dar es Salaam ilhali mafundi wetu wa cherehani wamekaa barazani.

Chukua khanga moja, pande moja la doti, iliyokwisha kufuliwa mara nyingi ikalainika. Kwa kawaida ina urefu wa sentimita 150 au zaidi kidogo na upana wa 110. Ikunje katikati, kisha ikunje tena kwa upande wa pili: umepata mapande manne, kila moja kama 75 kwa 55. Mapande mawili yatosha mfuko mmoja mwepesi. Yote manne ni mfuko wenye bitana. Mwambie fundi asipunguze upana wa chini, maana huko ndiko magoti yanakokunjika na mapaja kwenda kando. Urefu apime mtoto mwenyewe, kutoka shingoni hata kisiginoni, aongeze sentimita 10 au 15 za kukulia. Zipu ipite mbele na ifunguke kutoka chini kwenda juu, ili nepi ibadilishwe usiku bila ya kumvua mtoto, na pale zipu inapokomea shingoni kiwekwe kipande cha nguo kisimkwaruze kidevu. Isiwe na kofia, isiwe na utepe wala kamba popote, na vifungo vya begani, kama vipo, vishonwe kwa nguvu hata uvivute kwa meno visitoke.

Shingo na kwapa ndipo mafundi wengi hukosea, kwa kuwa wamezoea kuacha nafasi ya ukuaji. Katika gauni la sikukuu hiyo ni hekima. Katika mfuko wa kulalia ni hatari, kwani mtoto akiteleza ndani kichwa chake kikazama, ni sawa na kumfunika. Kwa hiyo mvalishe, funga zipu, kisha fanya majaribio mawili mbele ya fundi kabla hujalipa. Ingiza kidole kimoja au viwili baina ya nguo na shingo: viingie, lakini kusiwe na nafasi ya kiganja. Kisha shika mfuko chini ya kidevu uuvute juu taratibu: usipite kidevu kuelekea mdomoni. Na kwapani mkono usiweze kurudi ndani. Mtoto aliye chini ya kilo 4 bado ni mdogo kwa nguo hii, lakini wa wiki 14 aliyenyonya vizuri amekwisha kuipita.

Sasa joto. Kuanzia Oktoba na miezi ya mvua, chini ya bati lililochomwa na jua mchana kutwa, mfuko wa tabaka moja na nepi ndani yatosha kabisa. Juni hata Agosti, ule wenye bitana na fulana nyepesi ndani. Wenzetu wa Manyovu, Buhigwe na Kasulu, ambako milima huleta baridi ya kweli, waweza kuongeza fulana ya mikono mirefu na soksi. Usipime kwa viganja wala nyayo, maana hizo kwa mtoto huwa baridi hata akiwa amepata joto la kutosha. Pima nyuma ya shingo au kifuani. Ukikuta jasho, nywele zimelowa, au vipele vya joto vimetoka, punguza tabaka moja. Na kwa kuwa mikono sasa iko nje, chandarua kitundikwe na kuchomekwa chini ya godoro kila usiku.

Nami nawaambia mapema, ili msije mkanilaumu: usiku wa kwanza hautakuwa mzuri. Mtoto aliyezoea khanga atajipiga usoni, atashtuka, atalia. Kama hajaonyesha dalili yoyote na wiki ya 14 haijafika, waweza kwenda taratibu, mkono mmoja nje kwa usiku mbili tatu, kisha wa pili. Lakini aliyekwisha kujaribu kujipindua hana mwendo wa taratibu. Mikono yote itoke usiku uleule, na taabu hiyo aghalabu haipiti juma moja. Nyumba za wavuvi nazipa shauri langu mwenyewe: dagaa huvuliwa kwa taa katika giza, na siku za mbalamwezi pevu mitumbwi hukaa pwani na baba hulala nyumbani. Ikiwa dalili bado na wiki ya 14 haijafika, anzieni siku hizo, ili aliyemlea mtoto peke yake majuma mawili apate mtu wa kupokezana naye.

Akijipindua usiku, je, umrudishe? Ikiwa anajua kwenda upande mmoja tu, mrudishe chali kila umwonapo. Akijua kwenda na kurudi mwenyewe, mlaze chali ukianza, kisha muache achague. Na mchana, akiwa macho, mlaze kifudifudi mkekani mbele yako, mara nyingi kwa muda mfupi mfupi, apate nguvu za shingo na za mikono hiyo tuliyomfungulia.

Limebaki moja. Wengi wetu hulala na mtoto kitanda kimoja, chandarua kimoja. Lililo salama zaidi ni awe chumbani mwenu kwenye godoro lake dogo na gumu, lisilo na mto. Lakini ikiwa hali haikuruhusu, basi mtoto wa kitanda cha mama asifungwe khanga hata akiwa wa juma moja, kwa kuwa shuka likimfikia usoni hana mkono wa kulisukuma. Na aliyekunywa pombe, au mwenye kuvuta sigara, asilale ubavuni pake.

Basi, mama mwenye mtoto wa wiki 10, ambaye karibuni umetoka kliniki: una majuma manne. Tafuta ile khanga iliyolainika, mpelekee fundi wiki hii, umbebe na mtoto akapimwe, ili tarehe ya wiki ya 14 ikufikie mfuko ukiwa umefuliwa na kukauka.